Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: Ankara inayosambazwa ni yetu, nyongeza inayodaiwa haipo

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: UVUMI WA KUPANDISHWA ADA KIMYAKIMYA

Bila shaka picha imeshakufikia. Ni ankara yenye nembo ya shule yetu, jumla yake imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni imebandikwa ankara nyingine ya zamani yenye jumla ndogo zaidi. Maneno yaliyoambatana nayo yanasema tumeongeza ada kwa asilimia 61 bila kumwambia mzazi yeyote. Wazazi wanaouliza wana haki ya kujibiwa, na nimeona nikujibu wewe mbele yao, kwa sababu wewe ndiye mwenye mamlaka ya kuja kukagua nitakayoyasema.

Nianze na lisilo na ubishi: ankara zote mbili ni halali, zimetoka kwa mhasibu wetu, wala hakuna aliyeghushi tarakimu. Kilichofanyika ni kukata picha. Sehemu ya juu inayoonyesha muhula haipo, na mstari wa salio la nyuma umeondolewa. Mzazi mwenye ankara hizo hakuzisambaza yeye. Alizituma kwenye kundi la wazazi wa darasa kuuliza swali la kawaida kabisa, na mtu mwingine akazichukua kutoka hapo. Amenipa ridhaa ya maandishi nizieleze, na kuisubiri ridhaa hiyo ndiko kulikofanya shule ionekane imenyamaza. Kiasi chenyewe cha fedha sitakiandika, maana hesabu za familia si habari ya hadharani hata mwenyewe akiridhia. Nitachukua ada ya masomo ya mwaka mzima kuwa 100, na mengine yote nitayapima kwa hiyo 100.

Ada yetu haigawanywi sawasawa kwa mihula mitatu. Muhula wa kwanza mzazi hulipa 40, kisha 30, kisha 30. Muhula wa kwanza ndio pia unaobeba vitu vinavyolipwa mara moja kwa mwaka, yaani bima ya mwanafunzi na madaftari, ambavyo kwa pamoja ni 4. Sasa tazama picha. Ankara ya zamani ni ya muhula wa tatu wa mwaka jana: masomo 30, chakula 5, usafiri 6, jumla 41. Ankara mpya ni ya muhula wa kwanza wa mwaka huu, na jumla yake ni 66. Ukizilinganisha hizo mbili unapata ongezeko la asilimia 61 kweli. Ila muhula wa tatu haulinganishwi na wa kwanza. Wa kulinganishwa nao ni muhula wa kwanza wa mwaka jana, na mzazi huyohuyo alipelekewa ankara hiyo: masomo 40, chakula 5, usafiri 6, bima na madaftari 4. Jumla 55.

Imebaki tofauti ya 11, na hiyo ndiyo inayostahili maelezo. Sita kati yake ni malimbikizo, fedha ambazo hazikumaliziwa muhula uliopita zikahamishiwa ankara mpya. Hiyo si ada mpya, ni ileile ya zamani ambayo haijalipwa, na ndiyo iliyokuwa kwenye mstari uliokatwa. Tatu ni usajili wa mtihani wa mwisho, kwa kuwa mtoto ameingia darasa la mtihani. Fedha hiyo tunaipokea na kuipeleka kwa mamlaka ya mitihani kama ilivyo, na stakabadhi zake zipo. Mbili zilizobaki ni usafiri. Familia ilihamia mbali zaidi, basi mtoto akahama kutoka njia ya pili kwenda njia ya tatu. Kiwango cha kila njia ni kilekile cha mwaka jana. Ada ya masomo, ambayo ndiyo inayolalamikiwa, ni 40 kwa 40.

Hata hivyo sitasema wazazi wanaota ndoto. Shule kupandisha ada kwa mlango wa nyuma ni jambo linalofanyika, na sisi tulio ndani ya kazi hii tunajua linavyofanyika. Jedwali la ada huachwa lilivyo, ili mkaguzi akija alikute safi, halafu nyongeza inawekwa kando. Kitu kilichokuwa ndani ya ada, labda karatasi za majaribio, kinatolewa na kuitwa mchango. Masomo ya ziada yanaandikwa kuwa ya hiari, lakini yanaonekana kwenye ankara ya kila mtoto, na anayeyakataa anakuta mada mpya imefundishwa siku hiyo. Njia iliyo ngumu kuliko zote kuiona ni ya punguzo. Mzazi wa watoto wawili aliyekuwa akipunguziwa kwa mtoto wa pili anaondolewa punguzo hilo. Jedwali halikuguswa, ada haikuguswa, ila analipa zaidi, na hana karatasi ya kulalamikia kwa sababu punguzo lilikuwa la mdomo.

Kwa hiyo, ukituma mkaguzi, nakuomba asiridhike na jedwali letu. Jedwali halitamwambia kitu. Achague mwenyewe majina machache kutoka kwenye daftari la mahudhurio, tusimchagulie sisi, kisha adai ankara na stakabadhi za kila mmoja kwa mihula sita mfululizo. Mihula sita ni miaka miwili kamili, hivyo kila muhula utapata mwenzake wa kulinganishwa nao. Aondoe salio la nyuma kwanza, ndipo ajumlishe mwaka kwa mwaka. Kisha aangalie kila kilichoandikwa hiari na kuhesabu wanaokilipa. Kikilipwa na wote, hicho ni ada, hata kiitwe jina gani. Kwetu atakuta kwamba usafiri unalipwa na chini ya nusu ya wanafunzi, na kwamba punguzo la mtoto wa pili limeandikwa kwenye fomu ya kujiunga na bado linatolewa.

Akimaliza, naomba ripoti yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yako, iwe inatupendeza au haitupendezi.

Upande wetu kuna jambo moja tunalibadilisha kuanzia muhula ujao. Ankara itakuwa na safu mbili: deni la muhula huu, na kando yake kiasi cha muhula kama huo mwaka uliopita. Salio la nyuma litakaa chini ya jumla, si ndani yake. Mhasibu analalamika kwamba karatasi itajaa. Na ijae.

Najua swali linalofuata: je, mwakani? Bodi bado haijakaa kujadili ada ya mwakani, na siwezi kuahidi kwamba haitapanda. Ninachoahidi ni kwamba ikipanda, barua itawafikia wazazi muhula mzima kabla, ikiwa na kiwango cha zamani na kipya kwenye ukurasa mmoja, na nakala itakuwa mezani kwako kabla yao.

Aliyesambaza picha hatumtafuti, na hakuna mtoto atakayeulizwa mzazi wake aliandika nini. Mzazi mwenye shaka na ankara yake aje nayo kwa mhasibu siku yoyote ya kazi, pamoja na ya muhula kama huo mwaka jana. Asiyekuwa nayo tutamchapishia bila malipo.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Kamati ya Wazazi