Bajeti ya karakana ya uchomeleaji, muhula ujao

Wanakikundi, habari za jioni. Ada isikadiriwe kwa idadi ya waliojiandikisha. Wanafunzi 20 kwa 300,000 ni milioni 6, ila wengi hulipa kwa awamu, na mishahara ya wakufunzi haisubiri. Tupange kwa fedha itakayokuwa imeingia mwezi wa kwanza wa muhula.

Vijiti vya kuchomelea: wanafunzi 20, vijiti 8 kila siku ya vitendo, siku 3 kwa wiki, wiki 12, jumla 5,760. Ongezeni asilimia 10, maana vikipata unyevu weldi hutoka na vitundu. Kwa pakiti ya vijiti 150, ni pakiti 43.

Matengenezo yawe na fungu lake: kaboni za grainda, vishikio, kebo. Likichanganywa na vifaa vya mazoezi, vijiti hulimaliza.