Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: dhamana zetu zifutwe mzigo unapotoka

Mheshimiwa Kamishna,

Mtihani wa uwakala siulalamikii. Anayeweka bidhaa kwenye fungu la ushuru lisilo lake humtia mteja hasara, kwa hiyo apimwe. Ningependa tu apewe ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena aandae tamko zima, badala ya kuulizwa kifungu fulani cha sheria kina namba gani. Vifungu hufunguliwa na kusomwa. Kosa la thamani hugunduliwa kwenye ukaguzi, mteja akiwa ameshauza mali.

Kinachotumaliza sisi mawakala wapya ni dhamana. Ile ya leseni tunaiweka mara moja. Lakini mizigo ya kupita kwenda nchi nyingine huhitaji bondi yake, inayofunika ushuru na kodi ambazo zingedaiwa kama mzigo ungebaki ndani. Kampuni ya bima haimjui wakala mpya, hivyo humtaka aweke fedha au hati ya mali ndipo imdhamini. Anaanza na bondi ndogo.

Tuseme bondi hiyo ni ya vizio 100. Mzigo wa kwanza una ushuru wa 60, zinabaki 40. Lori linavuka mpaka, mwenye mali anapokea vitu vyake, lakini afisa wa kituo cha kutokea hajathibitisha kwenye mfumo. Kwenye vitabu vyenu mzigo ungali njiani. Anakuja mteja wa pili, ushuru wake 55. Mfumo unakataa, na mteja anahamia kwa wakala mkongwe mwenye bondi kubwa. Wakala mpya anaendelea kulipia bima ya bondi iliyoshikwa na mzigo uliokwisha kufika, na mwisho wake huomba kivuli cha leseni ya mwingine. Mnamwita kishoka, ingawa mtihani alifaulu.

Mkataba wa Kyoto Uliorekebishwa wa taratibu za forodha, sura ya 5 ya Kiambatisho cha Jumla, unataka dhamana ifutwe mapema iwezekanavyo majukumu yakishatimizwa, na kiasi chake kiwe kidogo kadiri inavyowezekana, kisichozidi ushuru na kodi zinazoweza kudaiwa. Najua wapo wanaomwaga mizigo ya kupita sokoni njiani. Ndiyo maana siombi bondi iondolewe. Tena lakiri ikikutwa imevunjwa au uzito ukipungua, ishikilieni hadi uchunguzi uishe.

Ila pale lakiri ni nzima na lori limepita lango la mwisho, uthibitisho wa kutoka urudishe salio palepale, bila wakala kubeba makaratasi ofisi hadi ofisi. Kuona tatizo lilipo si kazi kubwa: agiza kila kituo kitoe tarehe ya lori kuvuka na tarehe ya bondi kufutwa, uzilinganishe. Kituo chenye pengo kubwa kieleze sababu kwa maandishi, na wakala apewe nakala ya kuionyesha kampuni ya bima.

Wako mtiifu,
Wakala mpya wa forodha