Arifa zimewashwa lakini simu iko kimya: angalia kategoria kabla ya kulaumu spika

Wateja wengi wanaotuletea simu isiyolia ujumbe ukiingia huja na ushahidi mkononi. Wanafungua mipangilio, wanaingia kwenye programu husika, wanatuonyesha swichi ya arifa: imewashwa. Sauti iko juu, simu za kawaida zinaita vizuri. Lakini ujumbe ukiingia hakuna mlio, wala kibango hakichomozi juu ya kioo. Wanaugundua baadaye wakifungua simu kwa shughuli nyingine. Wengine huwa wameshafuta programu na kuiweka upya, wakapoteza mazungumzo yao bure, na wengine wanatuomba tubadilishe spika. Mara nyingi spika haina tatizo lolote, na hatupendi kumlipisha mtu kwa kifaa kilicho kizima.

Sababu iko ndani zaidi ya ile swichi. Tangu Android 8.0 iliyotoka mwaka 2017, arifa za programu hazitawaliwi na swichi moja tu. Kila arifa ni lazima iwe ndani ya kategoria fulani, na kila kategoria ina mipangilio yake. Programu ya kutuma ujumbe inaweza kuwa na kategoria ya ujumbe wa mtu mmoja mmoja, nyingine ya vikundi, nyingine ya simu zinazopigwa, na nyingine ya nakala za akiba. Ile swichi kubwa ni kama swichi kuu ya umeme wa nyumba: ikizimwa, nyumba nzima ni giza, lakini ikiwashwa haina maana kwamba taa ya kila chumba inawaka.

Kategoria hizi zina ngazi. Ya juu kabisa hutoa mlio na kibango kinachochomoza juu ya kioo. Inayofuata hutoa mlio bila kibango. Ya tatu haitoi mlio, ila arifa inaonekana kwenye orodha unayoivuta kutoka juu na alama yake ndogo inakaa pale penye saa. Ya chini kabisa hata hiyo alama haina. Zote nne zinahesabika kuwa “zimewashwa”, na ndiyo maana swichi kuu haikuambii ukweli wote.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtengenezaji wa programu huchagua ngazi mara moja tu, wakati kategoria inaundwa. Baada ya hapo programu haiwezi kuipandisha yenyewe. Ukishaishusha wewe, hata kwa bahati mbaya, simu inaheshimu uamuzi wako. Ndiyo sababu kusasisha programu au kuzima na kuwasha simu hakurudishi mlio. Hakuna kilichoharibika, simu inatekeleza agizo ulilolitoa pengine bila kujua.

Na agizo hilo ni rahisi mno kulitoa. Ukibonyeza arifa na kuishikilia, kidirisha kinafunguka chenye chaguo kama “Default” na “Silent”, au kwa simu iliyowekwa Kiswahili, maneno yanayoashiria kawaida na kimya. Kugusa “Silent” na kuthibitisha ni kazi ya sekunde moja. Mtoto akichezea simu, au wewe mwenyewe ukiwa na haraka, tayari umeshanyamazisha kategoria nzima, siyo ule ujumbe mmoja tu.

Hivi karibuni fundi cherehani mmoja alituletea simu yake. Anapokea oda kupitia programu, na oda zilikuwa zinamfikia kimya kimya hadi anazikuta jioni. “Fundi, kinachonishangaza,” alisema, “matangazo ya programu hiyo hiyo yanalia vizuri sana.” Maelezo hayo yalitusaidia kuliko alivyodhani. Programu moja, sehemu moja inalia na nyingine hailii: hapo spika imeshaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na hali ya Usinisumbue, yaani “Do Not Disturb”, pia haielekei kuwa chanzo, kwa sababu hiyo kwa kawaida inanyamazisha zote.

Tulimwomba mtu atume oda ya majaribio huku simu ikiwa imefunguliwa kwenye kioo cha mwanzo. Kisha tukavuta orodha ya arifa. Oda ilikuwepo, imekaa chini, katika sehemu yenye kichwa “Silent”. Kwenye simu nyingi za Android, hiyo ndiyo dalili ya wazi kuliko zote: arifa iliyoangukia sehemu hiyo ipo kwenye kategoria isiyo na mlio. Tulibonyeza arifa ile na kuishikilia, na kweli chaguo la kimya lilikuwa limewekwa. Akakumbuka kwamba aliwahi kuchoshwa na matangazo akataka kuyanyamazisha. Kumbe aliishikilia arifa ya oda badala ya arifa ya tangazo.

Tukarudisha “Default”, tukatuma oda nyingine. Mlio ukasikika, lakini kibango hakikuonekana. Hapo wengi hukata tamaa, ila ni hatua moja tu imebaki. Tuliishikilia arifa tena, tukagusa alama ya gia, tukafika kwenye kategoria yenyewe. Humo kuna “Pop on screen”, ambayo ndiyo inayoruhusu kibango kuchomoza, na chini yake “Sound”, inayotakiwa isiwe “None”. Tuliwasha ya kwanza, tukamchagulia mlio wa pekee kwenye ya pili ili atofautishe oda na ujumbe mwingine. Matangazo tukayapeleka kimya, kama alivyotaka tangu mwanzo.

Ukipenda kufika hapo bila kusubiri arifa iingie, pita “Settings”, kisha “Apps”, chagua programu, halafu “Notifications”. Kategoria zake zitaorodheshwa. Kwenye simu mpya za Samsung orodha hiyo huwa imefichwa. Ingia kwanza “Settings”, “Notifications”, “Advanced settings”, kisha uwashe “Manage notification categories for each app”. Bila hatua hiyo utatafuta kategoria usizione, ukadhani simu yako haina.

Ukijaribu mwenyewe, jihadhari na majaribio yanayodanganya. Kibango hakichomozi ukiwa ndani ya mazungumzo yale yale ambayo ujumbe unaingia, hivyo toka kwanza. Ukikisukuma kibango kwenda juu ili kukiondoa, Android husitisha vibango vya programu hiyo kwa muda, kwa kawaida sekunde 60. Ukituma jaribio la pili papo hapo utaona kama umeharibu kitu. Pia baadhi ya programu hulia mara ya kwanza tu, na ujumbe unaofuata huongezwa kimya kwenye arifa ile ile hadi uisome au uiondoe. Kwa hiyo futa arifa ya zamani, subiri kidogo, ndipo ujaribu tena.

Sasa tuje kwenye Usinisumbue, kwa sababu dalili zake zinafanana na hizi hadi mtu anachanganyikiwa. Tofauti ni kwamba kategoria inagusa sehemu ya programu moja, wakati Usinisumbue inakaa juu ya kategoria zote. Unaweza kukuta kategoria iko “Default”, mlio umechaguliwa, kibango kimeruhusiwa, na bado simu ni kimya. Angalia juu ya kioo kama kuna alama ya duara lenye mstari katikati au ya mwezi mwandamo. Ikiwepo, ukihangaika na kategoria unapoteza muda.

Mara nyingi mwenye simu hakuiwasha kwa mkono. Iliwashwa na ratiba, kwa mfano ile ya “Sleeping”, iliyowekwa zamani na kusahaulika, au na hali ya kulala iliyo ndani ya “Digital Wellbeing”. Mteja akituambia simu yake hunyamaza usiku na asubuhi na mapema lakini mchana inalia, tunakwenda moja kwa moja kwenye ratiba. Ipo chini ya “Do Not Disturb”, au chini ya “Modes” kwenye baadhi ya simu mpya. Humo pia kuna sehemu inayoamua arifa zifichwe kiasi gani: zikose mlio tu, au zikose mlio na zisionekane kabisa. Chaguo hilo la pili ndilo linalomfanya mtu aape kwamba ujumbe haukufika. Na ujue kwamba ukizima Usinisumbue, arifa zilizoingia wakati imewashwa hazilii upya. Unazikuta zimejipanga tu.

Hatushauri mtu aizime moja kwa moja, maana usingizi ni haki yake. Njia nzuri zaidi ni kuruhusu kategoria moja ipite. Fungua kategoria ya oda, au ya ujumbe unaohitaji kweli, uwashe “Override Do Not Disturb”. Hiyo moja italia, nyingine zitabaki kimya. Kwa simu za kupigwa kuna mpangilio wa wanaopiga tena: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita.

Wenye iPhone hawana orodha ya kategoria ya namna hii kwenye mfumo. Kwao fungua “Settings”, “Notifications”, kisha programu: hakikisha “Banners” imewekewa alama na “Sounds” imewashwa, kwa sababu hizo ni mbili tofauti. Baada ya hapo kagua “Focus”, iliyokuja na iOS 15 mwaka 2021, na “Scheduled Summary”, ambayo hukusanya arifa na kuzileta kwa pamoja saa uliyopanga.

Simu ikitushinda kwa menyu, tunaiunganisha na kompyuta, baada ya mwenyewe kuturuhusu kuwasha “USB debugging”, na kusoma hali ya kategoria moja kwa moja:

```
adb shell dumpsys notification
```

Kwenye maelezo yanayotoka, kila kategoria ina neno `mImportance` na namba. 4 ni mlio na kibango, 3 ni mlio bila kibango, 2 na 1 ni kimya, 0 imezuiwa. Hapo hakuna kubahatisha tena.

Hali moja haihusiani na haya yote. Kama arifa haipo hata kwenye orodha, Usinisumbue imezimwa, na ujumbe unaingia pale tu unapofungua programu, basi simu inaizuia programu isifanye kazi ikiwa nyuma. Kagua mipangilio ya betri ya programu hiyo na kama imezuiwa kutumia data ikiwa nyuma.

Kabla ya kutuletea simu, fanya kipimo hiki kimoja: ingia “Sound”, gusa mlio wa arifa usikilize sampuli yake huku sauti ikiwa juu. Ukisikika vizuri, spika yako ni nzima na tatizo ni la mipangilio. Tunalitengeneza ukiwa umesimama hapo hapo mbele yetu, na tunakuonyesha tulipogusa. Usiposikika, au ukakoroma, iache simu kwetu tuifungue.