Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kazi ya kusaga posho hapa Busia ilikwenda vizuri, na ada karibu zote zimeingia. Hayo mhazini atayasoma. Mimi nataka kujibu swali lililotukera tangu Desemba: kama tunalipia mashine yetu kiasi kilekile kila awamu, kwa nini riba ya Juni ni kubwa kuliko ya Desemba?

Mashine ya kusaga posho tuliichukua mwanzoni mwa Januari. Bei yake taslimu ni shilingi 13,930,000. Tulitanguliza 4,000,000, na zilizobaki tunazilipa kwa awamu tatu za shilingi 3,993,000, moja kila baada ya miezi sita. Ukijumlisha yote unapata 15,979,000. Zile 2,049,000 zilizozidi si bei ya mashine, ni riba.

Daftari la kwanza liligawa riba hiyo sawasawa, 683,000 kwa kila awamu. Ni rahisi, ila si kweli, maana riba hufuata deni, na deni letu lilikuwa kubwa zaidi mwanzoni. Muuzaji hakuandika kiwango kwenye mkataba, kwa hiyo tulikitafuta kwa kujaribu, na asilimia 10 kwa miezi sita ndiyo iliyolifikisha deni kwenye sifuri kamili.

Hesabu ni hii. Baada ya kutanguliza, tulidaiwa 9,930,000. Kufika Juni riba yake ilikuwa 993,000, hivyo katika malipo yetu ni 3,000,000 tu zilizopunguza deni. Likabaki 6,930,000. Desemba riba ikawa 693,000, na 3,300,000 zikaingia kwenye deni. Sasa tunadaiwa 3,630,000.

Basi riba ya 2024 ni 1,686,000, si 1,366,000 kama ilivyoandikwa awali. Ziada ya mwaka imepungua kwa 320,000, na najua wengine hawakupenda. Lakini hakuna shilingi iliyopotea: mwaka 2025 utabeba riba ya 363,000 tu badala ya 683,000.

Kosa jingine tulilolirekebisha ni kubwa zaidi. Mashine ilikuwa imeandikwa kwa 15,979,000, riba ikiwa ndani yake. Uchakavu wetu ni asilimia 20 kwa mwaka, kwa hiyo riba ingekuwa inahesabiwa mara mbili: mara kama riba, mara kama uchakavu. Tumeirudisha kwenye bei taslimu, na uchakavu wa mwaka ni 2,786,000.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tunaiandika kama mali yetu wakati muuzaji bado ndiye mwenyewe. Ameuliza vyema. Tunaitumia, tunaitengeneza, na hasara yake ni yetu, ndiyo maana imo kwenye mizania, na deni lake limo pia. Ila kuiuza au kuiweka rehani hatuwezi hadi awamu ya mwisho, Juni 2025. Siku hiyo kamati itakwenda kuchukua hati ya umiliki, na mhazini aje na stakabadhi zote tatu.