Mashabiki hawakuichoka dramu

Ndugu Mhariri,

Nasikia mara kwa mara watu wakidai kwamba mashabiki wa roki waliichoka solo ya dramu, yaani pale mpiga dramu anapobaki akipiga peke yake, kwa kukosa subira. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashabiki hao walikaa wakiisikiliza kwa miaka mingi, na walianza kunyanyuka pale mpigaji alipowaacha njiani.

Solo hii ilitoka kwenye jazi. Tarehe 16 Januari 1938, bendi ya Benny Goodman ilipiga “Sing, Sing, Sing” katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, kwa takriban dakika 12, huku Gene Krupa akiwa kwenye dramu. Usikilize kwa makini: tomtom, ngoma ya kati katika seti ya dramu, inapiga mdundo mzito uleule tangu wimbo unaanza. Ala nyingine zikinyamaza, mdundo unabaki. Mtu anayecheza hapotezi hatua.

Mpiga dramu Ginger Baker wa bendi ya Cream, aliyekulia katika jazi ya London, akauhamishia mtindo huo kwenye roki. Solo yake “Toad” ya mwaka 1966 ilikuwa ya dakika 5 hivi. Miaka miwili baadaye, jukwaani, ilifika 16. Kisha akaja John Bonham wa Led Zeppelin: wenzake wanashuka jukwaani kupumzika, yeye anaweka vijiti kando na kupiga ngoma kwa viganja, na siku nyingine alizidisha dakika 20. Bonham alikuwa na uwezo huo. Tatizo ni kwamba kila bendi ikaona ni lazima nayo iwe na yake, kila usiku, hata kama mpigaji hana la kusema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpigaji anakimbiza mikono, anasimama ashangiliwe, anaanza jambo jingine, na mdundo umeshapotea. Asiyejua dramu hana pa kushika, basi anakwenda kununua bia. Wapigaji wakatafuta vivutio vya macho: mwaka 1974 Carl Palmer wa Emerson, Lake & Palmer alizungushwa pamoja na dramu zake, na mwaka 1987 Tommy Lee wa Mötley Crüe alipinduliwa kichwa chini ndani ya kizimba. Wakati huo Ramones na wenzao wa panki walikuwa wameshaonyesha kwamba wimbo wa dakika mbili unatosha bila solo yoyote.

Anayetaka kujua kilichopotea amsikilize Ringo Starr, ambaye hakupenda solo kabisa. Katika “The End” ya Beatles, 1969, alikubali kupiga moja tu, ya sekunde kama 15. Mguu wake haukomi kukanyaga ngoma kubwa, mapigo sawa sawa, mikono ikipita juu yake kwenye tomtom. Magitaa yanaporudi, yanaingia juu ya mguu uleule.

Msomaji wenu,
Tanga