Unga wa nyenje uandikwe onyo la mzio

Mhariri,

Pakiti ya unga wa nyenje wa kufugwa niliyonunua hivi karibuni inasifia protini, na kwa haki, kwani nyenje aliyekaushwa huwa na protini zaidi ya nusu ya uzito wake, lakini haina onyo lolote kwa mtu anayedhurika na kamba au kaa. Tropomayosini, protini inayosababisha mzio wa kamba, imo pia katika nyenje na kumbikumbi, wala kukaanga hakuiondoi. Mtu huyo akila mandazi yenye unga huo, midomo yaweza kuvimba na pumzi kubana. Kumbikumbi mzima sahanini huonekana, unga hauonekani. Watengenezaji waandike mbele ya pakiti: “Wenye mzio wa kamba wasile.”

Msomaji, Kisumu