Mliniuzia tairi za gari ndogo nikafunga kwa matatu

Kwa meneja wa duka la tairi, Nakuru

Meneja habari, mimi ni yule mama wa Hayesi ya Kisumu aliyechukua tairi mbili za nyuma kwenu mwezi uliopita, shilingi 23,000 kwa Mpesa, risiti ninayo. Sikuja dukani kwa sababu gari ilikuwa barabarani, kwa hivyo nilimtumia kijana wenu wa mauzo picha ya ubavu wa tairi yangu ya zamani kwa wotsapu, na maandishi yalikuwa wazi kabisa, 195R15C 106/104R. Akanijibu "iko mama, saizi hiyo hiyo" na yeye pia akanitumia picha. Nikaona jina la kampuni kwa herufi kubwa ni lile lile la zangu, nikaona 195 na 15, nikatuma pesa, dere akapita hapo akafungiwa.

Wiki tatu baadaye dere ananipigia akiwa Ahero anasema mama hii gari inayumba nyuma kama imelewa, hasa kwa kona za kuteremka kutoka Kericho. Alipofika nikainama nikaangalia, tairi ya kushoto ilikuwa na uvimbe upande wa ndani, mkubwa kama yai la kuku, na ukiugusa unabonyea. Hapo ndipo nikarudia picha ya kijana wenu nikaikuza kwa simu nikaisoma polepole, kitu ambacho nakubali ningefanya kabla ya kulipa. Imeandikwa 195/80R15 96S. Hakuna C popote. Upana ni huo huo na rimu ni hiyo hiyo inchi 15, ndiyo maana iliingia bila shida, lakini hiyo ni tairi ya gari ndogo ya familia, zile jipu fupi, si ya kubeba watu kumi na wanne na magunia juu.

Kijana wenu aliniambia eti hiyo 96 ni namba tu ya kiwandani. Si namba tu, ni uzito. 96 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 710 mwisho, na 106 ya zangu za zamani ni kilo 950 (ile 104 ya pili ni ya gari zenye tairi pacha nyuma, Hayesi haina). Na msinibishie, imeandikwa kwa maneno pia, herufi ndogo karibu na rimu, MAX LOAD 710 kg, halafu 300 kPa (44 PSI). Kwa hivyo kwa tairi mbili za nyuma mlinipunguzia karibu kilo 480, hiyo ni kama abiria saba hivi. Halafu akajitetea kwamba S ni spidi kubwa kuliko R, ni kweli ni 180 kwa 170, lakini matatu imefungwa gavana ya 80, spidi hiyo naipeleka wapi?

Fundi wenu wa simu naye akasema niongeze upepo. Dere alikuwa ameshajaza 60 kama alivyozoea kwa zile za C ambazo ubavuni zimeandikwa 65 PSI, kumbe hizi mwisho wake ni 44. Ukirudisha 44 gari ikijaa ubavu unalala, unajikunja kila mzunguko na tairi inachemka, ukizidisha unavuka kile tairi imetengenezewa, kwa hivyo hakuna upepo wa kuokoa hii maneno. Na ule uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika, pale hakuna kiraka wala tyubu, hiyo tairi imekwisha.

Ile ya kulia haina uvimbe na meno yake ni mapya kabisa, najua mtaniambia nibaki nayo. Nimeitoa pia. Ilibeba mzigo ule ule siku zile zile, na mimi sipimi tairi kwa meno peke yake wakati namba ya ubavuni inakataa.

Kitu kingine, picha yenu haikuonyesha tarehe. Namba nne za wiki na mwaka huwa upande mmoja tu wa tairi, nyinyi mkapiga ule mwingine. Sisemi mlificha, lakini safari hii nataka picha za pande zote mbili kabla sijatoka Kisumu.

Ninachotaka ni tairi mbili za 195R15C, 106 kwenda juu, ama 23,000 yangu yote bila kukatwa ya "umeshatumia". Gari imesimama tangu Jumatatu. Tairi zenu ziko hapa kwangu, nitaziweka kwa gari ya kuja Nakuru Jumamosi asubuhi, mtu wenu azipokee steji.